Dakika Mbili Kabla ya Kutoboa

Njombe mwezi wa Julai haina mzaha. Ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai hadi jua lipande, watu hutembea wamejitanda mablanketi, na anayefika kliniki kwa bodaboda hushuka na vidole vilivyokufa ganzi, havimtii hata kufungua zipu ya koti. Ndivyo wanavyofika wagonjwa wengi wa kisukari siku ya kliniki, tena bila kutia kitu kinywani tangu jana usiku, maana wameambiwa waje na njaa ili sukari yao ipimwe. Meza ya kwanza wanayokutana nayo ina mashine ya sukari, kopo la stripu, lanseti, pamba, boksi la kutupia vyenye ncha kali na chupa ya spiriti. Nyuma ya meza hiyo huketi muuguzi ambaye kila mtu humwita Sista. Nimekaa pembeni yake mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kazi yake ni ufundi kamili, ingawa wapitao mlangoni humwona tu mtu anayetoboa watu vidole.

Kutoboa kwenyewe hakufiki sekunde moja. Mashine nayo hutoa jibu kwa sekunde tano hivi. Ufundi wa Sista uko katika dakika mbili au tatu za kabla ya hapo, na dakika hizo karibu zote huzitumia kuhakikisha mambo mawili tu: kidole kiwe na joto, na kiwe kikavu.

Huanza na salamu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Baridi ya leo imekufanyaje huko njiani?"

Wakati babu anaeleza habari za barabara, mkono wake umekwisha kuwa mikononi mwa Sista, na Sista anaupima bila kusema. Anahisi kama una joto au la, kama una jasho, kama unanata. Kisha anabonyeza kucha ya kidole cha pete mpaka iwe nyeupe, anaachia, na anatazama wekundu unavyorudi. Kwa mtu mzima mwenye mkono wa moto wekundu hurudi kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Kwa babu aliyetoka kwenye bodaboda, Sista anaweza kuhesabu hadi nne au tano, na kucha ikabaki na rangi ya samawati pembeni. Hapo anajua kwamba kidole hicho bado hakijawa tayari, na hagusi lanseti.

Sababu iko chini ya ngozi. Ncha za vidole zina mishipa mingi midogo kupita kiasi, na miongoni mwake imo njia za mkato zinazounganisha moja kwa moja mishipa inayoleta damu na ile inayoirudisha. Mwili huzitumia njia hizo kutunza joto lake. Kukiwa na joto huzifungua, damu ikapita kwa wingi na kutoa joto nje kupitia ngozi. Kukiwa na baridi huzifunga, ili joto libaki tumboni na kifuani kwenye viungo vya maana zaidi. Damu inayobaki kwenye kidole hapo haitiririki tena, inajikokota. Na inapojikokota, nyama za kidole pamoja na chembe za damu zenyewe zinaendelea kula sukari iliyomo, huku damu mpya yenye sukari ya kutosha ikichelewa kufika kuziba pengo.

Kwa hiyo tone linalotoka kwenye kidole cha baridi linaweza kueleza kwa usahihi hali ya kidole hicho, na papo hapo likadanganya kuhusu mwili mzima. Madaktari wamekwisha kueleza habari za wagonjwa wenye ugonjwa wa Raynaud, ule unaofanya mishipa ya vidole ijibane kupita kiasi kwa baridi, ambao mashine iliwaonyesha sukari ya chini ya kutisha huku damu ya mshipa wa mkononi ikiwa na sukari ya kawaida kabisa. Mashine haikuwa mbovu. Ilipima kilicholetwa mbele yake.

Kuna njia ya pili ambayo baridi huharibu kipimo, nayo hupitia mikononi mwa mpimaji. Kidole cha baridi hakitoi damu kirahisi. Unatoboa, kinatokea kidoa kama ncha ya kalamu, na foleni mlangoni inakutazama. Kinachokuja chenyewe ni kukamua: kubana ncha ya kidole kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mpaka tone lijae. Lakini ukibana hivyo hutoi damu peke yake. Unatoa pia maji yaliyomo katikati ya chembe za nyama, na maji hayo hayana chembe za damu, na sukari yake huchelewa kufuata sukari ya damu inapopanda au kushuka. Isitoshe, kubana kwa nguvu hupasua chembe nyekundu na kumwaga vilivyomo ndani yake. Tone linaonekana zuri, jekundu, la kutosha, kumbe ni mchanganyiko.

Ndiyo maana Sista hakamui ncha. Akihitaji kuisaidia damu, huuacha mkono wa mgonjwa uning'inie chini ya meza kwa dakika moja, halafu huusugua polepole kuanzia kiganjani kwenda kwenye shina la kidole, na huko kwenye shina ndiko anakoishia. Sehemu atakayotoboa haiminyi.

Kupasha kidole moto nako kunahitaji akili. Njia anayoipenda ni beseni la maji vuguvugu na sabuni, kwa sababu inamaliza kazi mbili pamoja: inafungua mishipa na inaosha ngozi. Maji anayapima kwa kiwiko chake mwenyewe kabla ya kumruhusu mgonjwa aingize mkono, na hapo hana haraka. Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza kuwa amepoteza hisia za vidole, akaweka mkono kwenye maji ya kuunguza na asijue mpaka ngozi itoe malengelenge. Kwa sababu hiyohiyo hawaruhusu kuukumbatia mkaa. Nyumba nyingi za huku zina jiko la mkaa linalowaka asubuhi yote, na mtu anayesikia baridi hulikimbilia bila kufikiri. Sista huwakataza kabisa wagonjwa wake kupasha vidole moto juu ya jiko. Wale wanaojipimia nyumbani huwaambia waweke mikono kwapani au waisugue, na wasiipashe kwa kukumbatia kikombe cha chai. Chai ya huku ina sukari, kikombe kina matone ya sukari pembeni, na sukari hiyo itapanda kwenye kidole.

Jambo hili la sukari juu ya ngozi linaonekana dogo mpaka upige hesabu. Stripu nyingi za sasa hazihitaji hata mikrolita moja ya damu. Nyingine hutosheka na nusu yake, tone ambalo ukiliweka juu ya karatasi ni kidoa tu. Damu yenye sukari ya milimoli 5 kwa lita, katika nusu mikrolita, ina chini ya nusu ya mikrogramu ya sukari. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Ukikiacha kwenye ngozi na kikayeyuka ndani ya tone, mashine itasoma maradufu. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha majaribio ambamo watu walimenya matunda, kisha wakapimwa vidole. Waliopimwa bila kunawa walionekana kuwa na sukari ya juu sana ambayo hawakuwa nayo. Waliofutwa kwa spiriti, hata mara tano, bado walisoma juu. Walionawa kwa maji ya bomba walirudi kwenye namba zao za kweli. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji na vibaya kwenye spiriti, kwa hiyo pamba huisambaza tu sukari badala ya kuiondoa.

Hapo tunafika kwenye spiriti yenyewe, na hapa ndipo ninapomheshimu Sista kuliko mahali pengine pote, kwa sababu anaijua kazi ya kila kitu kilichoko mezani kwake. Spiriti ya asilimia 70 inaua vijidudu vya juu ya ngozi. Kwa mtu anayejipima nyumbani, maji na sabuni vinatosha na spiriti si lazima. Kliniki ni habari nyingine: watu wengi, meza moja, na kuna asubuhi bomba halitoi maji. Siku hizo pamba ya spiriti ndiyo iliyopo. Shida haiko kwenye kuitumia. Iko kwenye kutoboa kabla haijakauka.

Spiriti iliyobaki juu ya ngozi huliharibu tone kwa namna kadhaa. Kwanza inachanganyika na damu na kuifanya nyepesi. Kwenye tone la nusu mikrolita, hata unyevu ambao hukuuona ni sehemu kubwa. Pili, inapasua chembe nyekundu mara inapozigusa, damu ikaonekana ya waridi na ya majimaji. Tatu, inazuia damu kujikusanya. Kwenye ngozi kavu tone husimama, la duara, likakusubiri. Kwenye ngozi yenye spiriti hutambaa kwenye mistari ya alama za kidole kama wino uliodondoka kwenye karatasi mbichi. Mdomo wa stripu hapo haupati kimbilio. Unavuta damu kidogo, au damu pamoja na hewa, na mashine ama hutoa alama ya kosa ama, vibaya zaidi, hutoa namba. Nne, mle ndani ya stripu kuna kimeng'enya kikavu kilichopakwa kwa kipimo maalumu. Kimeng'enya hicho huivunja sukari, na umeme mdogo unaozalishwa ndio mashine inaougeuza kuwa namba. Kimewekwa pale kukutana na damu, hakikutayarishwa kukutana na spiriti.

Sista hawezi kukwambia kwamba spiriti hushusha namba daima au huipandisha daima, na mimi sitasema hivyo. Inategemea kiasi kilichobaki, aina ya stripu, na tone lenyewe limekaaje. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na ikikauka kabisa haileti shida. Lakini kosa lisilo na upande ni baya kwa muuguzi, kwa sababu haliwezi kupunguzwa kwa hesabu. Dawa yake ni kulizuia lisitokee.

Na sasa yale mambo mawili yanakutana. Spiriti hukauka kwa kuchukua joto la ngozi. Ndiyo maana ukipakwa unahisi ubaridi. Kwenye kidole cha moto cha mtu wa Tanga inaruka upesi, nusu dakika inatosha, na ngozi inarudi kuwa na joto. Kwenye kidole cha baridi cha Njombe hakuna joto la kuirusha. Inakaa. Na joto kidogo inalofanikiwa kuruka nalo inalichukua kutoka kwenye kidole ambacho tayari hakina, ikazidi kukipoza, mishipa ikazidi kujifunga. Kwa hiyo anayepaka spiriti kwenye kidole cha baridi ameongeza baridi na ameongeza unyevu kwa mkono mmoja. Sista alilifahamu hili kwa kutazama vidole kwa miaka, na ndiyo sababu utaratibu wake hauna mabadiliko: kidole kipashwe moto kwanza, spiriti baadaye. Hajawahi kuugeuza mbele ya macho yangu.

Namna anavyopaka spiriti inastahili kutazamwa. Pamba yake haidondoshi. Anaimiminia spiriti kidogo wakati huohuo, kwa sababu pamba zilizolowekwa asubuhi na kukaa kwenye kopo la pamoja huwa chepechepe na huweza kuchafuliwa na kila mkono unaoingia humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu kutoa damu nao unakataza pamba za namna hiyo. Anapaka mara moja, anageuza upande, anapaka tena, anatupa. Kisha anaacha. Wakati huo wa kuacha anaandika jina kwenye daftari, anauliza dawa alizomeza mgonjwa, anafungua stripu. Hapulizi, maana pumzi ina unyevu na vijidudu vyake. Hapungi mkono wa mgonjwa hewani, maana anaupoza. Anakiinamisha kidole kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi yenye spiriti inang'aa. Iliyokauka imefifia, na mistari ya alama za kidole inaonekana wazi. Mng'ao ukiwapo, lanseti inabaki mezani, hata kama foleni inanung'unika.

Anatoboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, mahali ambapo maumivu ni madogo. Tone la kwanza analifuta kwa pamba kavu, kwa sababu hilo ndilo lililobeba mabaki yote ya juu ya ngozi na maji ya jeraha. La pili analiacha lisimame. Anaupeleka mdomo wa stripu uliguse tone pembeni, stripu ikavuta yenyewe. Hapaki damu juu ya stripu na hasukumi.

Asubuhi moja Sista alikuwa ameitwa chumba cha pili, na mwanafunzi wa uuguzi akabaki mezani. Aliyekuja mbele yake alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, anayetumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Alikuwa hajala, na kwa maelekezo ya kliniki alikuwa hajachoma ya asubuhi. Mwanafunzi alimsalimia vizuri, akachukua pamba, akapaka, akapuliza, akatoboa, akakamua. Mashine ikasoma 3.3.

Chini ya 3.9 huhesabiwa kuwa sukari imeshuka. Mwanafunzi alimkimbilia Sista, na alifanya vyema kukimbia. Sista alipofika hakuitazama mashine. Alimtazama mzee.

"Babu, unajisikiaje? Kichwa? Moyo unakwenda mbio?"

"Mimi mzima, mwanangu. Njaa tu, na baridi."

Akamgusa paji la uso: kavu. Akamwomba anyooshe mikono mbele: haikutetemeka kuliko inavyotetemeka mikono ya umri wake. Mazungumzo yake yalikuwa na kichwa na miguu. Hata hivyo Sista alimwambia mwanafunzi akoroge vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji na kuiweka pale mezani, karibu na mkono wa mzee. Kama kungekuwa na dalili moja ya jasho, mtetemeko au kuchanganyikiwa, angekunywa papo hapo na kipimo kingefuata baadaye. Sukari ya ziada kwa mtu ambaye hakuihitaji humharibia asubuhi moja tu. Sukari iliyochelewa kwa aliyeihitaji huweza kumharibia ubongo. Na kwa kuwa wazee waliotumia insulini muda mrefu wengine hupoteza dalili za onyo, Sista hakuondoka pembeni yake hata hatua moja. Alijipa dakika tatu.

Ndipo akauchukua mkono uliotobolewa. Ncha ya kidole ilikuwa nyeupe, ina alama ya kucha ya mtu aliyeibana. Pembeni mwa kitundu damu ilikuwa imetambaa, ya waridi. Pamba kwenye ndoo ilikuwa imelowa chapachapa. Akakigusa kidole kwa mgongo wa mkono wake.

"Mdogo wangu, ulikishika kidole hiki kabla ya kupaka spiriti?"

"Sikukishika, Sista. Nilipuliza ili kikauke."

"Kishike sasa."

Mwanafunzi alikishika na hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Beseni la maji vuguvugu lilikuwapo. Mikono yote miwili ya mzee iliingia, ikaoshwa kwa sabuni, ikafutwa kwa taulo safi mpaka katikati ya vidole, kwa sababu maji nayo yakibaki huifanya damu nyepesi sawasawa na spiriti. Mkono ukaning'inizwa. Kucha ikabonyezwa: wekundu ulirudi upesi. Safari hii Sista hakutumia spiriti kabisa; mikono ilikuwa imetoka kuoshwa. Akatoboa mkono wa pili, akafuta tone la kwanza, na la pili likasimama. 6.2.

Stripu kwenye kliniki kama ile hazichezewi. Kuna miezi zinaisha kabla ya mwezi wenyewe. Pamoja na hayo Sista alitumia nyingine, kwenye mkono ule wa kwanza, kidole cha jirani ambacho sasa kilikuwa na joto. 6.5.

Namba hizo mbili kwake ni namba moja. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, kile cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 katika kila 100 yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi, na kwa zaidi ya 0.83 pale inapokuwa chini ya hapo. Kama ukweli ni 6.2, mashine nzima inaruhusiwa kusoma kuanzia takriban 5.3 hadi 7.1. Hivyo 6.5 imo ndani. 3.3 haimo hata kwa mbali, na hapo ndipo muuguzi hujua kwamba tofauti aliyoiona haikutoka kwenye mashine kuyumbayumba kwake kwa kawaida. Ilitoka kwenye tone.

Mwanafunzi aliuliza kipi kilikuwa na kosa zaidi: baridi, spiriti au kukamua. Sista alimjibu kwamba havitenganiki. Baridi ndiyo iliyoiacha spiriti isikauke, na baridi ndiyo iliyoifanya damu igome, na damu iliyogoma ndiyo iliyomfanya abane. Nililipenda sana jibu lile. Lilimwondolea binti aibu bila kumwondolea somo, na lilikuwa sahihi.

Kama ile 3.3 ingeandikwa kwenye kadi, daktari aliyeko chumba cha ndani angekuwa na haki ya kuipunguza insulini ya mzee. Mzee angerudi nyumbani na dozi ndogo kuliko anayoihitaji, na kliniki yake inayofuata ilikuwa mwezi mmoja mbele. Badala yake kadi iliandikwa 6.2, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo: "vidole vilikuwa baridi, vimepashwa, kimerudiwa." Daktari anayeisoma anajua namba ilivyopatikana.

Mashine yenyewe nayo hupata baridi. Nyingi zimetengenezwa zifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 40, na zina kipimajoto ndani kinachorekebisha jibu. Nje ya hapo huonyesha alama ya kosa na kukataa. Chumba cha Njombe saa moja asubuhi ya Julai kinaweza kuwa chini ya nyuzi 10. Sista huitoa mashine kabatini mapema na kuiacha mezani mpaka chumba kipate joto, wala haiweki juani wala karibu na jiko. Kopo la stripu hufungwa mara tu moja inapotoka, maana unyevu wa ukungu huziharibu.

Upo mkono wa baridi ambao beseni haliusaidii, na Sista anautofautisha pale pale kwenye salamu. Ni wa mtu aliyetapika siku mbili, au aliyepoteza maji mengi, au mwenye homa kali ambaye shinikizo lake la damu limeanguka. Mkono wake ni wa baridi hata chini ya mablanketi, una jasho la ubaridi, na kucha ikibonyezwa wekundu hauna haraka ya kurudi. Mishipa yake imejifunga kwa sababu mwili unaokoa viungo vya ndani, na vidole vimeachwa. Ukiupasha mkono huo moto utapoteza muda, na tone utakalolipata linaweza kusoma chini au juu bila kukuonya. Kwa mgonjwa wa namna hiyo Sista anamwita daktari kwanza. Namba ya kidole, akiichukua, anaiita ya muda. Anayeonyesha dalili za kushuka kwa sukari hutibiwa bila kungoja. Jibu la kutegemewa hutoka kwenye mshipa wa mkononi, na damu hupelekwa maabara ndani ya chupa yenye kifuniko cha kijivu, ile yenye floraidi ya kuzuia chembe za damu zisiendelee kula sukari. Kwenye chupa ya kawaida sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa inayopita, na hata floraidi huchelewa kushika kazi vizuri kwa saa moja au zaidi. Kwa hiyo Sista huandika juu ya chupa saa na dakika aliyotoa damu, na huagiza ipelekwe sasa hivi, isingoje chupa zifikie kumi ndipo zibebwe pamoja.